Siku mfumo ulipolala prodakshoni: nipitieni hadithi yangu kabla ya intavyuu ya Alhamisi

mwana_njoro (Nakuru)

Wakuu, salamu. Nimefika raundi ya tatu na kampuni moja ya nje, kazi ya kufanyia nyumbani. Ile ya kuandika msimbo nilipita. Ya Alhamisi ni ya kuulizwa mambo niliyopitia kazini, na ajenti aliyeniunganisha kanidokezea swali ambalo halikosi: eleza siku mfumo wenu ulianguka wateja wakiutumia, nini kiliharibika, mlirekebishaje, mlijifunza nini. Unasimulia kama dakika 5, kisha wanaanza kukuchimba.

Kisa ninacho. Tunaendesha mfumo wa malipo wa maduka ya vyakula na dawa za mifugo. Mkulima anafika dukani Molo au Njoro, muuzaji anabonyeza, mkulima anapokea ombi la M-Pesa kwenye simu, anaweka PIN, duka linaona "imelipwa". Siku moja mfumo ulilala dakika 35, na mimi ndiye nilikuwa zamu. Nimeandika hivi:

"Tulipata tatizo la databesi lililotokana na migresheni. Miunganisho ilijaa na mfumo ukaacha kufanya kazi. Nilishirikiana na timu, tukachunguza, tukapata chanzo na kurekebisha haraka. Tulijifunza umuhimu wa mawasiliano na kupima kabla ya kupandisha toleo. Baadaye tukaboresha ufuatiliaji."

Nikiisoma sioni kosa, lakini haina chumvi. Nisaidieni.

---

chai_ya_kericho

Hongera kwa kufika raundi ya tatu. Panga kwa utaratibu unaojulikana: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua, matokeo. Kila kimoja dakika moja na kitu, usipitilize. Halafu toa "sisi" zote uweke "mimi". Wanaajiri mtu mmoja, hawaajiri timu yenu.

---

fundi_kakamega

Hii nimeipitia kabisa. Mimi natunza mitambo ya hospitali fulani huku Kakamega. Stima ilikatika usiku, jenereta ikawaka, ikazima baada ya dakika kumi hivi. Kumbe ilikuwa ikijaribiwa kila Jumatatu bila mzigo, na chujio la mafuta limeanza kuziba. Ikiwaka bure inapumua vizuri, ikibebeshwa jengo zima inakata pumzi. Waambie hivyo, kwamba jenereta ijaribiwe na mzigo.

---

mwana_njoro

@fundi_kakamega asante mzee, ila kwetu stima haikukatika, ni programu ndiyo iliyolala. Seva zilikuwa zinawaka vizuri tu.

---

nyar_dunga (Kisumu)

Nimekaa upande wa kuuliza swali hili miaka kadhaa sasa, kwa hivyo nitakuuliza kama ningekuuliza mezani.

Hadithi yako ingeweza kusimuliwa na mtu ambaye hakuwepo. Hilo ndilo tatizo lake, wala si mpangilio. @chai_ya_kericho mpangilio wako ni sawa, lakini kugawa dakika sawasawa kutamponza. Hali ya mambo inamalizika kwa sentensi tatu. Anayeuliza anasubiri kipande kimoja tu: kati ya mfumo kuanguka na mfumo kuinuka, ulikuwa unafikiria nini, na kwa nini ilichukua muda huo wote.

Kwa hivyo nijibu haya. Nani alijua kwanza, nyinyi au wateja? Dakika 35 zilikwenda wapi? Miunganisho ilijaa kwa sababu gani, maana kujaa ni dalili, si chanzo? Na mkulima aliyekuwa katikati ya kulipa, pesa yake ilienda wapi?

Hilo la mwisho umeliacha nje kabisa, na nina hakika ndilo lililokunyima usingizi.

---

mwana_njoro

Dada, hilo la mwisho umegonga penyewe. Basi niseme yote.

Toleo jipya lilipandishwa saa 8:06 mchana. Ndani yake kulikuwa na migresheni ya kuongeza safu moja kwenye jedwali la `malipo`. Kitu kidogo, mwenzangu aliandika, mwingine akapitia, hata kwenye seva ya majaribio ilimalizika kabla hujapepesa jicho.

Saa 8:09 duka la Njoro likapiga simu. Kwa hivyo wateja walijua kwanza. Dashibodi yetu ilikuwa inaangalia CPU na diski, na CPU ilikuwa *imeshuka*. Alamu ya makosa ililia 8:15.

Nilidhani shida ni ya upande wa malipo, kwamba majibu hayarudi. Nikapoteza dakika kadhaa hapo. Saa 8:20 nikawasha programu upya. Ikarudi! Watu wakaingia, kurasa zikafunguka, nikaandika kwenye kundi "tumerudi". Ikalala tena. Saa 8:31 nikawasha upya mara nyingine, safari hii databesi yenyewe ikakataa: `FATAL: remaining connection slots are reserved for non-replication superuser connections`.

Mwenzangu aliye na haki za msimamizi mkuu wa databesi aliweza kuingia, kwa sababu Postgres huweka nafasi chache pembeni kwa ajili yake. Akaendesha hii:

```sql
SELECT pid, state, wait_event_type,
       pg_blocking_pids(pid) AS anazuiwa_na,
       left(query, 50)
FROM pg_stat_activity;
```

Tukaona msururu. Karibu kila mtu anazuiwa na `ALTER TABLE` ya migresheni yetu, na hiyo `ALTER TABLE` nayo inazuiwa na kikao kimoja kilichoandikwa `idle in transaction`. Kilikuwa cha mtu wa idara ya fedha. Alifungua ripoti kabla ya chakula cha mchana kwa programu inayoanzisha muamala yenyewe, akaenda kula, dirisha likabaki wazi.

Tukafuta `ALTER` kwa `pg_cancel_backend`. Papo hapo mambo yakatiririka. Saa 8:41.

Kuhusu pesa: msimbo wetu ulikuwa unatuma ombi la M-Pesa kwanza, *kisha* unaandika rekodi kwenye jedwali. Sasa jedwali limefungwa. Mkulima anapata ombi, anaweka PIN, pesa inatoka, kwetu hakuna kitu. Muuzaji anaona "haijalipwa", anabonyeza tena. Watu 31 walilipa bila kurekodiwa, 7 kati yao wakalipa mara mbili.

---

menengai_view

Hapo mmechomwa na Postgres ya zamani. Ukiongeza safu yenye thamani ya msingi, inaandika upya jedwali zima, rekodi moja baada ya nyingine. Jedwali likiwa na mamilioni ya miamala utakaa hapo hadi jioni. Kuanzia toleo la 11 haifanyi hivyo tena. Somo la kuwaambia ni moja: tulipandisha toleo la Postgres, kwisha.

---

mwana_njoro

@menengai_view tulikuwa toleo la 13 tayari, na safu haikuwa na thamani ya msingi.

---

nyar_dunga

@menengai_view ulilosema kuhusu toleo la 11 ni kweli, lakini si ugonjwa huu. Nakaa hapa kidogo kwa sababu mwana_njoro asipoielewa barabara atakwama swali la pili.

`ALTER TABLE` ya kuongeza safu inamaliza kazi yake kwa milisekunde, ila inataka kufuli kali kuliko zote, ile isiyovumilia mtu mwingine yeyote kugusa jedwali, hata anayesoma tu. Mtu wa fedha alikuwa amesoma jedwali ndani ya muamala ambao haujafungwa. Kusoma nako kunachukua kufuli, nyepesi sana, lakini inashikiliwa hadi muamala ufungwe. Yeye anakula, kufuli iko mkononi.

Hapo `ALTER` ikasubiri. Ingekuwa inasubiri peke yake hakuna ambaye angejua. Shida ni kwamba Postgres inaheshimu foleni: kila aliyekuja baada ya `ALTER` akakuta kuna mtu mbele yake anayetaka kufuli isiyopatana na yake, akajipanga nyuma. Ni kama matatu ya Kondele iliyoziba njia ikisubiri abiria mmoja amalize kuongea na simu. Barabara ni nzima, gari ni zima, na hakuna anayepita.

Ndiyo maana CPU ilishuka. Kusubiri hakuli CPU. Na ndiyo maana kwenye seva ya majaribio ilipita haraka, kwa sababu kule hakuna mtu wa fedha. Mwana_njoro, hilo la CPU liseme kwa sauti mbele ya msaili. Mtu akiniambia "tuliona CPU imeshuka wakati malipo yamesimama, na ishara hiyo tuliipita", najua aliangalia dashibodi kwa macho yake.

Sasa kuwasha upya. Kwa nini mara ya pili databesi ilikataa? Ulishajiuliza?

---

mwana_njoro

Nilidhani ni kwa sababu wateja walikuwa wanajaribu kwa wingi.

---

nyar_dunga

Hapana, au si hasa. Ukiua programu, upande wa databesi ule mchakato uliokuwa unasubiri kufuli haujui kwamba mwenyewe amekufa. Utajua siku utakapojaribu kumpelekea jibu. Toleo la 14 lilileta mpangilio wa kuwaangalia walio hai, `client_connection_check_interval`, na hata huo huja ukiwa umezimwa. Kwa hivyo wale wa kwanza walibaki kwenye foleni bila mwenyewe, programu iliyowashwa upya ikafungua miunganisho mipya juu yao, nayo ikaingia foleni ileile. Programu yenu ilikuwa kwenye seva ngapi, na kila moja ilikuwa na miunganisho mingapi?

---

mwana_njoro

Seva mbili, ishirini ishirini. Kikomo cha databesi ni 100, hatukukigusa.

Ngoja. 40 za mwanzo, 40 baada ya kuwasha upya, hizo 80. Nikawasha tena, hapo ndipo tukagonga ukuta. Na kila nilipowasha, programu ilipata nafasi ya kutuma maombi mengine ya M-Pesa kabla haijajaa tena. Kwa hivyo wakulima wengine walitozwa kwa sababu ya kuwasha upya.

---

nyar_dunga

Hapo ndipo hadithi yako ilipo. Hatua ya kwanza ya kurekebisha iliongeza madhara, na unaweza kueleza kwa utaratibu gani. Usiifiche wala usiililie. Sema: nilikuwa na dhana hii, nikachukua hatua hii, nikaona ishara hii, ishara ilidanganya kwa sababu hii.

---

chai_ya_kericho

Kwa heshima, dada, mimi nimeshirikiana na watu wa kuajiri na nakwambia ukienda kusema "nilifanya mambo kuwa mabaya zaidi" unajichongea. Chagua kisa ambacho uliokoa jahazi.

---

nyar_dunga

Inategemea anayeuliza. Mtu wa kuajiri tu huenda akaandika "alikosea". Mhandisi aliyewahi kuamshwa usiku ataandika "anajua tofauti ya dalili na chanzo". Raundi hii mara nyingi wanakaa wote wawili, kwa hivyo sikupingi moja kwa moja. Ila visa vya kuokoa jahazi vina kasoro moja: nikiuliza "ungefanya nini tofauti?" msimuliaji hana la kusema.

---

mwana_njoro

Swali jingine. Migresheni si mimi niliyeiandika. Nikisema "mwenzangu" naonekana namsukumia. Nikisema "mimi" nimedanganya. Na yule wa fedha je?

---

simba_wa_bondo

Sema wewe. Nani ataenda kuuliza? Wapo Ulaya.

---

nyar_dunga

@simba_wa_bondo usimpoteze kijana. Akisema aliandika yeye, nitamuuliza kwa nini alichagua kuendesha migresheni mchana, ataanza kubuni.

Mwana_njoro, mtu usimtaje kabisa, taja kitu. "Toleo lilikuwa na migresheni." "Kikao cha ripoti kilibaki wazi." Sentensi hazina mchawi na bado ni za kweli. Halafu "mimi" iweke panapokuhusu: mimi nilikuwa zamu, mimi nilidhani ni malipo, mimi niliwasha upya, mimi ndiye niliyetafuta pesa za watu. Aliyeona msururu ni mwenzako, mpe haki yake, neno moja linatosha.

Mfano wa wazi ni GitLab, Januari 2017. Mhandisi alifuta data kwenye seva kuu ya databesi akidhani yuko kwenye ile nyingine, wakapoteza takriban saa 6 za data, na njia kadhaa za nakala rudufu walizozitegemea zikakutwa hazifanyi kazi. Walichapisha ripoti ndefu hadharani. Haikumgeuza mtu huyo kuwa chanzo. Ilihoji kwa nini ilikuwa rahisi kufuta, na kwa nini hakuna aliyekuwa akijua kwamba nakala hazipo.

Wa fedha naye usimgeuze kuwa mjinga. Alifungua ripoti, ndiyo kazi yake. Swali ni kwa nini ripoti yake ilikuwa kwenye databesi ya malipo.

---

menengai_view

Nimekubali ya foleni, nimejifunza. Lakini kwa nini mlifuta `ALTER` badala ya kumkata yule wa fedha? Mkimkata yeye, `ALTER` inapata kufuli, inamaliza kwa milisekunde, foleni inatiririka, na toleo lenu linakuwa limeingia. Nyinyi mlirudi nyuma.

---

mwana_njoro

Tulijadili kama dakika mbili. Hatukujua ndani ya kikao kile kuna nini. Tungekuta ni mtu anayeandika malipo ya mwezi je? Na msimbo mpya ulikuwa haujawashwa bado, migresheni hutangulia, kwa hivyo kuifuta hakukuvunja chochote.

---

otieno_wa_seva

Mimi ningemkata wa fedha. `idle in transaction` ya zaidi ya saa moja, anayeandika kitu cha maana haachi hivyo. Na kama kuna kitu hajathibitisha, kinarudishwa, hakiharibiki.

---

nyar_dunga

Mimi ningefuta `ALTER`, kwa sababu ni kitu chetu na tunajua kukirudia. Lakini sisemi otieno amekosea. Kwenye intavyuu hata jibu si muhimu sana kama ile sentensi "hatukujua ndani ya kikao kile kuna nini, na upande huu tulijua". Hiyo ni hukumu chini ya giza, na ndiyo wanayotafuta.

Sasa twende kwenye mlichojifunza. "Mawasiliano" na "kupima kabla" vifute leo hii. Mlipima, na kipimo kilipita! Niambie kilichobadilika ambacho naweza kukigusa.

---

mwana_njoro

Vilibadilika hivi. Migresheni zote sasa zinaanza na mstari huu:

```sql
SET lock_timeout = '3s';
ALTER TABLE malipo ADD COLUMN tawi_id integer;
```

Isipopata kufuli kwa sekunde 3 inajiondoa yenyewe, na hati yetu inarudia baada ya muda. Foleni ikijengeka haizidi hizo sekunde 3.

Pili, tuligeuza mpangilio: rekodi inaandikwa kwanza ikiwa "inasubiri", ndipo ombi la M-Pesa linatumwa. Jedwali likifungwa, ombi halitoki, mkulima hatozwi. Na kuna kazi inayopita kila baada ya muda kuangalia zilizokaa "inasubiri" muda mrefu, inauliza hali yake.

Tatu, alamu ya vikao vinavyosubiri kufuli. Nne, `idle_in_transaction_session_timeout` kwa akaunti ya fedha. Tano, ripoti za fedha zilihamishiwa kwenye databesi ya nakala.

---

nyar_dunga

Chukua mbili za kwanza, uzieleze vizuri. Tatu zilizobaki ziache kwenye mfuko, atauliza. Mtu akinipa tano kwa mpigo nashindwa kujua ni ipi iliyozuia nini. Mbili zako zina uzuri wake: ya kwanza inazuia kuanguka, ya pili inakubali kwamba mtaanguka tena na inahakikisha mkulima halipii.

Kisha swali langu ninalolipenda: hiyo `lock_timeout` imewahi kugonga tangu muiweke?

---

mwana_njoro

Imegonga, ndiyo. Migresheni ilishindwa mchana mmoja, ikarudia, ikapita. Hakuna duka lililopiga simu. Tuliiona kwenye logi kesho yake.

---

nyar_dunga

Basi malizia na hiyo, wala usiongeze neno. Somo bila ushahidi kwamba limefanya kazi ni ahadi tu.

Na wale 31 uliwapataje, ikiwa hawakuwa kwenye jedwali?

---

mwana_njoro

Hiyo ilinichukua jioni nzima. Bahati nzuri programu ilikuwa inaandika kwenye logi jibu la kila ombi, na ndani yake mna `CheckoutRequestID`. Nilizikusanya zote za dirisha lile, nikatoa zilizokuwa kwenye jedwali, zilizobaki nikaziulizia moja moja kwa `/mpesa/stkpushquery/v1/query`. Zenye `ResultCode` 0 zililipwa, 1032 mtu alighairi mwenyewe. Lakini jibu hilo halikunipa namba ya risiti, kwa hivyo ikabidi tulinganishe na taarifa ya miamala tuliyopakua, kwa namba ya simu, kiasi na dakika. Wanane walikuwa na malipo mawili ya kiasi kilekile kutoka simu ileile, na tukapigia duka kuuliza kama mkulima kweli alinunua mifuko miwili. Mmoja alinunua kweli! Wengine 7 tukawarudishia.

Hii niiweke? Niliona ni kazi ya karani.

---

nyar_dunga

Iweke. Hapo umeonyesha kwamba mfumo kuinuka na tatizo kuisha ni vitu viwili. Wengi husimulia hadi grafu iliporudi kijani na kunyamaza. Ila majina ya maduka, ya kampuni na jumla ya pesa viache. Msaili anayekusikia ukimwaga siri za mwajiri wa leo anajua zake zitamwagwa kesho.

---

mwana_njoro

Nimeandika upya. Nimehesabu kutoka dakika ya sifuri badala ya saa, maana logi zetu ni za UTC na saa zetu za Kiswahili ni nyingine, nilikuwa najichanganya mwenyewe.

"Tunaendesha malipo ya simu kwa maduka ya wakulima. Mchana mmoja mfumo ulilala dakika 35 na mimi nilikuwa zamu. Wakulima 31 walitozwa bila kurekodiwa.

Dakika ya 3 duka lilipiga simu. Alamu yetu ililia dakika ya 9, kwa sababu tulikuwa tunaangalia CPU, nayo ilikuwa imeshuka. Nilidhani ni mtoa huduma wa malipo. Nikawasha programu upya, ikarudi kwa dakika chache, nikatangaza tumepona. Haikuwa kweli. Kuwasha upya kulifungua miunganisho mipya huku ya zamani ikiendelea kusubiri ndani ya databesi, na kukaruhusu maombi mengine ya malipo kutoka. Mara ya pili databesi ikajaa. Mwenzangu akaingia kwa nafasi za msimamizi, tukaona migresheni inasubiri ripoti iliyoachwa wazi, na malipo yote yanasubiri migresheni. Tulifuta migresheni badala ya ripoti, kwa sababu hatukujua ndani ya ripoti kuna nini. Foleni ikaisha papo hapo.

Mfumo ulikuwa umeinuka lakini pesa za watu bado. Nilichukua vitambulisho vya maombi kutoka kwenye logi, nikauliza hali ya kila kimoja, tukalinganisha na taarifa ya miamala. Saba walikuwa wamelipa mara mbili, tukawarudishia.

Tulibadilisha mambo mawili. Migresheni ikikosa kufuli kwa sekunde 3 inajiondoa. Na rekodi inaandikwa kabla ya ombi la malipo kutumwa. Tangu hapo migresheni imekosa kufuli mchana wa kazi, ikajiondoa na kurudia, na hakuna duka lililojua."

---

chai_ya_kericho

Nimesoma mara mbili. Hii hata mimi nisiyejua databesi nimeifuata. Bado ningepunguza ile "haikuwa kweli", lakini sawa.

---

fundi_kakamega

Sasa nimeelewa swali. Kumbe nami nina intavyuu Eldoret mwezi ujao, kazi ya mitambo. Jenereta yangu inafaa?

---

nyar_dunga

Inafaa sana, mzee. Ulitoa chanzo kizuri, ulipitiliza tu katikati. Ilipozima dakika ya kumi, ulifanya nini kwanza? Wodi gani zilikuwa na betri na za muda gani, nani aliamua nini kizimwe? Na baada ya hapo jaribio la Jumatatu linafanywa na mzigo wa kiasi gani, kwa muda gani? Likifanywa dakika tano, chujio lako la dakika kumi litakupita tena.

---

fundi_kakamega

Dakika tano ndizo tunazofanya. Ngoja nirudi kazini.

---

mwana_njoro

Nimetoka intavyuu. Walikuwa wawili kama dada alivyosema. Dakika ya kusimulia ilipita vizuri, kisha mhandisi akaniuliza mambo mawili tu. Kwanza, kwa nini niliandika "tumerudi" mapema, na sasa naamuaje kwamba tumerudi. Nikamwambia naangalia malipo yaliyokamilika mwisho hadi mwisho, si kurasa kufunguka. Akaandika kitu.

La pili lilinishinda kidogo. Nilisema ripoti zilihamishiwa kwenye nakala, akauliza: ripoti ndefu ikiwa kwenye nakala na mabadiliko yanaingia kutoka databesi kuu, nini kinatokea? Nikasema nadhani ripoti inakatwa. Akauliza baada ya muda gani, na watu wa fedha wanasemaje. Nikakumbuka kweli walishalalamika ripoti inakufa ikisema `canceling statement due to conflict with recovery`, lakini sikuwa nimeunganisha na kazi yetu.

---

otieno_wa_seva

Ni `max_standby_streaming_delay`, bila kuguswa ni sekunde 30. Ukiipandisha ripoti zinaishi, lakini nakala inabaki nyuma. Ukiwasha `hot_standby_feedback` unapunguza kukatwa huko, lakini databesi kuu inashindwa kusafisha rekodi zilizokufa, na ile kufuli kali ya `ALTER` bado itakata ripoti. Mimi ningeweka nakala mbili, moja ya fedha peke yake ibaki nyuma inavyotaka.

---

menengai_view

Nakala mbili kwa ripoti moja ya chakula cha mchana? Nani analipia hiyo seva?